Picha ya Idi na video ya saa saba usiku: uchambuzi wa kisa cha ukuta ulioanguka

Ukuta wa mashariki wa nyumba ya bibi mmoja hapa Dar es Salaam ulianguka jioni ya Jumamosi, tarehe 4 Mei 2024, siku ile ile Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia na pwani nzima ikawa kwenye mvua na upepo. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Wiki hiyo, kwenye kiwanja cha jirani, palikuwa pamechimbwa mtaro wa msingi wa jengo la ghorofa. Mtaro ulipita sentimita 60 tu kutoka ukuta wa bibi, ukashuka mita 1.8, na haukuwekewa mbao za kuzuia udongo. Msingi wa nyumba ya bibi ulikuwa na kina cha sentimita 70. Udongo wa pale ni mchanga.

Familia iliniita niandike ripoti ya ukaguzi, itumike kwenye kikao cha usuluhishi cha mtaa, na kikishindikana, ipelekwe mbele. Mkandarasi alikuwa ameshajibu kwa barua, na barua yake ilisimama juu ya hoja moja: ukuta umeangushwa na mvua ya Hidaya, na hakuna ushahidi wowote kwamba ulikuwa na ufa kabla ya hapo, kwa sababu picha zote za familia ni za tarehe 5 Mei.

Hoja hiyo haikuwa ya uongo. Picha nilizotumiwa kwenye WhatsApp zilikuwa kumi na moja, na video mbili, na majina yake yote yalianza hivi: `IMG-20240505-WA0003.jpg`, `IMG-20240505-WA0004.jpg`, `VID-20240505-WA0007.mp4`. Mtu yeyote akiyasoma ataona 2024, mwezi wa 5, tarehe 5. Nilipofungua mali za faili ili nione tarehe ya kupigwa, hapakuwa na kitu. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana, hufuta taarifa za kamera zilizokuwa ndani yake, na kwenye simu za Android huipa jina jipya lenye tarehe ya kutumwa au kupokelewa. Kwa hiyo ile 5 Mei ilikuwa siku ambayo jirani na wajukuu, baada ya ukuta kuanguka, walizikusanya picha na kumtumia mtoto wa bibi anayeishi mbali. Ilikuwa siku ya kutuma. Mkandarasi aliisoma kama siku ya kupiga, na mimi mwenyewe, kwenye rasimu yangu ya kwanza, niliziandikia picha mbili tarehe hiyo hiyo.

Kisa kizima kimo hapo. Swali halikuwa kama ukuta ulikuwa na ufa, maana ufa kila mtu aliuona. Swali lilikuwa ulionekana lini mara ya kwanza, na nani aliuona. Swali la namna hiyo hujibiwa na mstari mdogo ulio chini ya picha, ule ambao wengi wetu huujaza mwisho kabisa tukiwa tumeshachoka.

Nilianza upya kwa kutafuta faili la asili la kila picha, yaani lile lililobaki kwenye simu iliyopiga. Ili nijue simu ni ya nani ilinibidi kwanza nijue nani kapiga, na hapo ndipo nilipokutana na shida ambayo sikuitarajia.

Nilimwonyesha bibi picha moja kwenye simu yangu. Wapo watoto wanne wamevaa nguo mpya, na bibi mwenyewe amekaa kwenye kochi, nyuma yao dirisha la sebule na ukuta wa mashariki.

"Shikamoo bibi. Hii picha ni ya nani?"

"Marahaba mwanangu. Hii yangu. Ya Idi hii."

Kwenye rasimu niliandika "Imepigwa na mwenye nyumba". Nilikuja kugundua kosa langu nikiwa nyumbani usiku, nikiitazama tena: bibi yumo ndani ya picha, mikono yote miwili ipo mapajani. Hawezi kuwa ndiye aliyepiga. Aliposema "yangu" alisema kweli, kwa sababu kwa Kiswahili chetu "picha yangu" inaweza kuwa picha niliyopiga, picha niliyomo, au picha iliyo mali yangu. Katika mazungumzo hakuna anayetatizika. Kwenye ripoti maana hizo tatu ni watu watatu tofauti, na anayeweza kusimama na kusema "mimi nilikuwepo, nikaona, nikapiga" ni mmoja tu. Tangu siku hiyo siulizi tena picha ni ya nani. Nauliza: nani alikuwa ameshika simu? Simu yenyewe ni ya nani? Na nani alikutumia?

Aliyeshika simu alikuwa mjukuu wake mkubwa, binti wa miaka ishirini na kitu, na simu ni yake. Nilimfuata, nikaomba ruhusa, nikanakili faili kwa waya kwenda kwenye kompyuta yangu badala ya kumwambia anitumie. (Kama mtu yuko mbali na hakuna njia nyingine, mwelekeze atume kwa kuchagua `Document`, si kama picha, hapo faili hufika lilivyo.) Faili la asili liliitwa `IMG_20240410_162207.jpg`, na ndani yake muda wa kupigwa ulikuwa 10 Aprili 2024, saa 10:22 alasiri. Jumatano ile ilikuwa Idi ya Mfungo Mosi.

Ningeweza kuishia hapo, lakini saa ya simu ni saa tu. Simu iliyozimika betri na kuwashwa bila mtandao inaweza kuwa na tarehe ya ajabu, na mtu mwingine huipeleka mbele saa yake kwa makusudi kwa ajili ya michezo. Kwa hiyo nilifanya mambo mawili. Kwanza, nililinganisha saa ya simu yake na yangu siku ile. Zilipishana kwa sekunde chache, na ilikuwa imewekwa ichukue muda kutoka kwenye mtandao. Hilo halithibitishi Aprili, linasaidia tu. La pili ndilo lililonipa utulivu. Nilipoikuza picha, pembeni mwa dirisha palikuwa na kalenda ya ukutani, na mwaka ulisomeka vizuri: 2024. Bibi amesema ni Idi. Tulikuwa katikati ya Mei, na katika mwaka 2024 Idi iliyokuwa imeshapita ni moja tu. Picha yenyewe ikawa imejitaja tarehe, bila kutegemea simu.

Halafu likaja swali gumu zaidi: picha hii inaonyesha nini hasa? Familia ilitaka niandike "ukuta hauna ufa". Nilikataa. Picha ilipigwa kutoka kama mita nne, na ufa mwembamba kama unywele usingeonekana hata kama ungekuwepo. Nilitafuta ndani ya picha kitu chembamba ambacho naweza kukipima. Ile kalenda ilikuwa imening'inizwa kwa kamba nyembamba, na upande ule wa ukuta ulikuwa bado umesimama na kalenda yake. Niliipima kamba: milimita 2. Kwenye picha, ikikuzwa, kamba inaonekana wazi. Basi ninachoweza kusema ni kwamba ufa wa milimita 2 au zaidi, kama ungekuwepo kwenye sehemu inayoonekana, ungeonekana, nao hauonekani. Sentensi hiyo ni dhaifu kuliko ile waliyoitaka, lakini hakuna aliyeweza kuisogeza.

Maelezo ya picha yakaja hivi kwenye ripoti. Pale palipoandikwa "mjukuu" pana jina lake kamili, hapa nimeliacha.

Picha 1. Ukuta wa mashariki ukitazamwa kutoka ndani ya sebule, pamoja na dirisha na kona yake ya juu upande wa kaskazini. Ufa hauonekani, kamba ya kalenda yenye unene wa mm 2 inaonekana. Imepigwa na mjukuu wa mwenye nyumba, kwa simu yake, Jumatano 10 Aprili 2024, saa 10:22 alasiri (16:22). Tarehe imetoka kwenye faili la asili na inakubaliana na kalenda iliyo ukutani. Imekatwa upande wa kushoto ili kuondoa watoto. Picha nzima ipo Kiambatisho B, faili B-01.

Mstari wa mwisho usiupuuze. Niliikata picha kwa sababu wale watoto hawana kesi na mtu, na ripoti hupita mikono mingi. Lakini picha iliyokatwa bila kusema imekatwa huibua swali la nini kingine kimefichwa, na swali hilo likishaulizwa linaziangukia picha zako zote.

Sasa video, ambayo ndiyo iliyobeba kesi, na ndiyo nusura niiharibu mwenyewe.

Video ilipigwa na jirani wa upande wa pili, kijana anayekaanga chipsi kwenye kibanda cha barabarani. Aliniambia alitoka kazini, akafika nyumbani, akakuta bibi na wajukuu wako nje wanaogopa, wamesikia ukuta "unalia". Akawasha tochi ya simu, akaingia, akapiga. Lini? "Usiku wa Jumanne. Saa saba hivi."

Faili la asili kwenye simu yake lilikuwa `VID_20240430_014012.mp4`. Nililinakili, nikalifungua kwa ExifTool, programu ya kusoma taarifa zilizofichwa ndani ya faili, kama nilivyozoea kwenye picha:

```
exiftool -time:all -G1 -a -s VID_20240430_014012.mp4
```

Mstari niliousoma ulikuwa huu:

```
[QuickTime]  CreateDate  : 2024:04:29 22:40:51
```

Nikaandika kwenye rasimu: Jumatatu 29 Aprili 2024, saa 4:40 usiku. Niliamini kilicho ndani ya faili kuliko jina la faili, kwa sababu jina mtu anaweza kulibadilisha. Familia ikasambaza rasimu kabla sijamaliza, ikafika upande wa mkandarasi, na jibu likarudi ndani ya siku mbili: kijana huyu, kwa maneno yake mwenyewe, hufunga kibanda saa sita usiku. Saa nne na dakika arobaini alikuwa anakaanga chipsi mbele ya watu. Ama hakupiga yeye, au video haikupigwa siku hiyo.

Walikuwa na haki ya kuuliza. Kosa lilikuwa langu, na ni kosa ambalo nimeliona baadaye kwenye ripoti za watu makini kuliko mimi. Picha ya simu huandika saa ya mahali ulipo. Video ya MP4, kwenye ile sehemu niliyoisoma, huandika saa ya UTC, yaani saa moja ya pamoja kwa dunia nzima, na sisi Afrika Mashariki tuko mbele ya hiyo kwa saa tatu. ExifTool ikiachwa yenyewe huonyesha namba kama ilivyoandikwa, haiongezi kitu. Ukiongeza saa tatu kwenye 22:40:51 ya Jumatatu unapata 01:40:51 ya Jumanne, yaani saa 7:40 usiku, vile vile kijana alivyosema. Unaweza kuiambia programu ifanye hesabu hiyo yenyewe:

```
exiftool -api QuickTimeUTC -time:all -G1 -a -s VID_20240430_014012.mp4
```

Zilibaki sekunde. Jina la faili linasema 01:40:12, ndani panasema 01:40:51. Tofauti ni sekunde 39, na video ina urefu wa sekunde 39. Simu ile, kama Android nyingi, hulipa faili jina pale unapoanza kurekodi, na huandika muda wa ndani pale unapomaliza. Namba mbili zilizoonekana zinapingana zikawa zinashikana mikono. Nilimwomba kijana apige video nyingine ya sekunde kumi mbele yangu, nikaona mtindo ule ule: saa tatu nyuma, na sekunde kumi mbele. Jaribio hilo la dakika moja nililiandika kwenye kiambatisho, maana lilikuwa na nguvu kuliko aya mbili za maelezo yangu.

Halafu kuna ule "usiku wa Jumanne". Mtu aliyelelewa pwani, hasa kwenye nyumba ya Kiislamu, huanza siku magharibi, jua likizama. Kwake usiku wa Jumanne ni ule unaotangulia mchana wa Jumanne. Mtu mwingine, kwa mazoea ya shule na ofisi, akisikia usiku wa Jumanne anaelewa Jumanne jioni kuendelea. Wote wanaongea Kiswahili safi, na wanapishana kwa saa ishirini na nne. Redio na magazeti yetu yana msemo uliokwisha kutatua jambo hili: usiku wa kuamkia Jumanne. Ndio niliouandika. Na saa nimeziandika mara mbili kila mahali, kwa Kiswahili na kwa namba za kompyuta, 7:40 usiku (01:40), kwa sababu msomaji mmoja ataishika ile na mwingine hii, na sitaki yeyote afanye hesabu kichwani akiwa kwenye kikao.

Umuhimu wa saa tatu hizo ulikuwa mkubwa kuliko zinavyoonekana. Daftari la kazi la mkandarasi mwenyewe, ambalo pande zote zililikubali, lilionyesha mashine ilichimba kando ya mpaka mchana wa Jumatatu, 29 Aprili. Kwa hiyo tulikuwa na Idi, tarehe 10, ukuta hauonyeshi ufa wa milimita 2. Jumatatu tarehe 29 mchana, mtaro unachimbwa. Usiku wa kuamkia Jumanne, ufa upo. Na Jumamosi tarehe 4, Hidaya. Video yenye saa isiyoaminika ingeutoa mnyororo huo pete ya katikati.

Namna ya kuitaja video kwenye maandishi nayo ilinichukua muda. Huwezi kuandika "(tazama Video 1)" ukamwacha mjumbe wa baraza atafute mwenyewe. Kwenye karatasi video haichezi. Nilifanya hivi: kila nilipodai jambo linaloonekana kwenye video, nilitaja dakika na sekunde zake, kisha nikachapa fremu mbili tu zilizosimamishwa. Sentensi ndani ya ripoti ilisomeka: "Ufa wa mshazari unaanzia kona ya juu ya dirisha upande wa kaskazini na kufuata viungo vya tofali kuelekea juu (Video 1, 0:07–0:15, Fremu 1A)." Mshazari wa namna hiyo, unaopanda kwa ngazi kufuata viungo, ndio unaoonekana upande mmoja wa msingi unapozama, ila hilo nililiweka kwenye sura ya uchambuzi, si chini ya picha.

Fremu niliita fremu. Kwenye rasimu nilikuwa nimeiita "Picha 5", na hiyo ni kumdanganya msomaji bila kukusudia, kwa sababu atatafuta faili la picha hiyo na halipo. Maelezo yake yakawa:

Fremu 1A. Imetolewa kutoka Video 1 kwenye sekunde ya 12, na mwandishi wa ripoti, tarehe 16 Mei 2024. Haikukatwa wala kuongezwa mwanga. Mkono wa mpigaji unaingiza njiti ya kiberiti kwenye ufa. Upana wa ufa haukupimwa. Video 1 imepigwa na jirani (jina kamili), kwa simu yake, kuanzia ndani ya sebule, usiku wa kuamkia Jumanne 30 Aprili 2024, kuanzia saa 7:40 usiku (01:40); urefu sekunde 39.

Ile njiti ilikuwa bahati. Kijana hakuwa na rula, alikuwa na kiberiti mfukoni, na akili ikamtuma apime kwa alichonacho. Kwenye video unaiona njiti ikizama hadi kichwa chake. Nilinunua kiberiti cha aina hiyo hiyo, nikapima njiti kumi, zote zilikuwa karibu milimita 2. Kwa hiyo kwenye uchambuzi niliandika kwamba ufa ulikuwa na angalau upana wa njiti. Kwenye maelezo ya fremu nimeacha kinachoonekana tu: mkono, njiti, ufa. Hata hivyo utaona jinsi njiti inavyoongea na kamba ya kalenda. Kitu cha milimita 2 kingeonekana kwenye picha ya Idi, na tarehe 30 kitu cha milimita 2 kinaingia kwenye ufa. Vipimo hivyo viwili ndivyo vilivyoziunganisha simu mbili za watu wawili.

Nilijizuia sana kuandika chini ya fremu ile "ufa uliosababishwa na uchimbaji". Kidole kilikuwa kinawasha. Lakini kamera haikuona sababu, iliona ufa. Na ukishaandika sababu chini ya picha, mpinzani wako hahitaji tena kubishana na picha, anabishana na maneno yako, na akiyashinda anaonekana kama ameishinda picha.

Kwa upande wa mkandarasi palikuwa na picha moja, ya msimamizi wake, iliyopigwa kwa kamera ndogo inayochapa tarehe kwenye kona: 04/05/2024. Inaonyesha ukuta ukiwa umesimama, una ufa. Kwenye kikao mmoja wa upande wao alisema hiyo ni 5 Aprili, mwezi ukitangulia, hivyo ufa ulikuwepo hata kabla ya mashine kufika. Kwa nusu saa watu walibishana juu ya namba. Jibu lilikuwa ndani ya picha, kona ya chini kulia: lundo la mchanga mbichi uliotolewa kwenye mtaro, na mtaro haukuwepo tarehe 5 Aprili kwa mujibu wa daftari lao wenyewe. Msimamizi, mzee muungwana, akasema kwa utulivu kwamba aliipiga yeye, asubuhi ya siku ya kimbunga. Niliiingiza kwenye ripoti kama Picha 4, nikataja jina lake kama mpigaji na chanzo cha tarehe kama kauli yake pamoja na lundo linaloonekana. Picha ya mpinzani inastahili mstari ule ule kamili. Na mwezi huwa nauandika kwa herufi.

Zilizobaki zilikuwa rahisi, kwa sababu nilipiga mimi, tarehe 9 Mei, nikijua ninachotaka: picha moja ya mbali inayoonyesha ukuta mzima, moja ya kati, moja ya karibu yenye rula ya chuma ndani yake, na kila mara nikiandika kwenye daftari nimesimama wapi na naelekea wapi. Kati ya zile kumi na moja za WhatsApp, nilitumia mbili. Nyingine zilirudia jambo lile lile au hazikuwa na mpigaji niliyempata. Moja ilikuwa nzuri ajabu, ufa unaonekana kama umechorwa, lakini ilishapita kwenye makundi matatu na hakuna aliyejua ilianzia kwa nani. Niliiacha. Iliniuma, lakini Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inataka ushahidi wa namna hii upimwe kwa namna ulivyotengenezwa, kuhifadhiwa na kusafirishwa, namna ukamilifu wake ulivyolindwa, na namna mwanzilishi wake alivyotambuliwa. Picha ile haikuwa na jibu hata kwa moja.

Kwa ajili ya lile la kulindwa, kila faili la asili nililichukulia alama yake, yaani mfuatano wa herufi na namba unaokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe, siku ile ile nilipolinakili, mbele ya mwenye simu, na alama nikaiandika kwenye jedwali la Kiambatisho B:

```
sha256sum B-01.jpg V-01.mp4
```

Herufi moja ya faili ikibadilika, alama yote hubadilika. Haithibitishi kwamba picha ni ya kweli. Inathibitisha kwamba iliyopo kwenye flashi iliyoambatishwa ndiyo ile niliyoitoa kwenye simu. Niliwaomba wenye simu wasifute wala kuuza simu hadi jambo liishe, na wawili wale walikubali.

Jambo moja la mwisho kuhusu kutaja. Rasimu ilijaa "kama picha hapo juu inavyoonyesha". Nilipohamisha sura, hapo juu ikawa ukurasa wa nyuma, na mahali pengine ikawa picha nyingine kabisa. Nikapanga picha zote upya kwa mfuatano wa tarehe za kupigwa, si wa kupokelewa, nikazipa namba mara moja, na kila sentensi ikabeba namba yake. Mjumbe mmoja aliyekuwa na nakala ya fotokopi, picha zimekuwa nyeusi tupu, alifuatilia hoja yote kwa kusoma maelezo ya chini peke yake.

Kwenye kikao mkandarasi aliondoa ile hoja kwamba hapakuwa na ufa kabla ya Hidaya. Hakuondoa hoja ya mvua, na sikutaka aiondoe, kwa sababu kwenye Video 1, sekunde ya 20 hadi ya 26, kijana anapotoka nje na kumulika mtaro, kuna maji chini yake. Aprili yote ilikuwa ya masika. Niliandika hivyo kwenye ripoti, pamoja na sekunde zake. Mazungumzo yaliyofuata yalihusu nani alipaswa kuukinga mtaro ulio wazi, sentimita 60 kutoka ukuta wa mtu, katikati ya masika, na hilo halikuwa tena suala la picha.